Kutoka "Okonkwo Alikuwa Mkali" Hadi Hoja ya Kubishaniwa

"Rosa Mistika inaonyesha madhara ya malezi mabaya." Sentensi ya namna hii hufungua insha nyingi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi, na kosa lake halimo katika ukweli wake. Ni kweli kabisa. Katika riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria ni baba mlevi anayemtandika binti yake na kumkataza kuwa karibu na wavulana, na Rosa akishakwenda kusoma mbali na nyumbani mambo yanamharibikia. Mhadhiri akiisoma sentensi hiyo hana la kupinga. Na kwa kuwa hana la kupinga, hana pia la kusubiri katika kurasa zinazofuata: anajua tayari kwamba zitakuja sehemu za hadithi zinazomhusu Zakaria, zikifuatana, kila moja ikithibitisha jambo ambalo hakuna aliyelikana.

Mwanafunzi aliyeiandika hakuwa mvivu. Alifanya alichofundishwa. Katika kidato cha tano na cha sita huzoezwa kukipasua kitabu katika fani na maudhui, kisha maudhui kuyagawa katika dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Swali la mtihani humtaka achukue riwaya mbili na kutoa hoja kadhaa kutoka katika kila moja. "Hoja" hapo ina maana ya kipengele: malezi ni hoja, mapenzi ni hoja, nafasi ya mwanamke ni hoja. Anayevitaja vipengele vyote na kuvitolea mifano hupata alama zake, na ni haki yake. Zoezi hilo lina faida, kwa sababu humlazimisha msomaji kukijua kitabu. Lakini akifika chuoni hudaiwa kitu kingine, na mara nyingi hakuna anayemwambia waziwazi kwamba deni limebadilika.

Kinachodaiwa ni hoja kuu: sentensi moja au mbili, kwa kawaida mwishoni mwa aya ya utangulizi, zinazotamka msimamo kuhusu riwaya ambao msomaji mwingine makini, aliyekisoma kitabu hichohicho, anaweza kuupinga kwa kufungua kurasa zake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Si kila jambo linaloweza kubishaniwa ni hoja ya insha ya fasihi. "Ukoloni uliiharibu Afrika" linabishaniwa, lakini riwaya moja haiwezi kulimaliza. "Zakaria angepaswa kumpenda mwanawe" nalo linabishaniwa, ila ubishi wake unahusu maadili ya wazazi, na mtu anaweza kuuendesha bila kukigusa kitabu. Hoja kuu inayofaa ni ile ambayo mwamuzi wake ni maandishi yenyewe.

Njia ya kutoka kwenye wazo la jumla hadi hoja ya namna hiyo huonekana vizuri zaidi ikifuatwa hatua kwa hatua ndani ya kitabu kimoja. Kinachofaa kwa kazi hiyo ni kile wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanakijua, ama kwa Kiingereza kwa jina la Things Fall Apart, ama katika tafsiri ya Clement Ndulute inayoitwa Shujaa Okonkwo. Chinua Achebe aliitoa riwaya hiyo mwaka 1958. Ina sura 25 zilizogawanywa katika sehemu tatu: maisha ya Okonkwo katika Umuofia, uhamisho wake wa miaka saba katika kijiji cha mama yake, Mbanta, kisha kurejea kwake na kifo chake.

Tuseme mwanafunzi amemaliza kuisoma na jambo lililomkaa moyoni ni hili: Okonkwo alikuwa mkali mno. Hilo ndilo wazo alilonalo, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Wengi hujaribu kulitupa na kutafuta kitu kikubwa zaidi, kwa mfano "mgongano wa mila na ukoloni", kwa kuwa kinasikika kisomi. Kufanya hivyo ni kurudi nyuma. Mgongano wa mila na ukoloni ni mada, tena mada pana inayoweza kubandikwa kwenye riwaya nyingi za Kiafrika za miaka hiyo bila mtu kuzisoma. "Okonkwo alikuwa mkali mno" kumetokana na kusoma, na neno "mno" linabeba swali ambalo mwanafunzi bado hajaliona. Mkali mno kwa kipimo cha nani?

Lakini kabla ya kulifikia swali hilo kuna mtego mmoja, na wanafunzi wenye bidii ndio hasa wanaoingia humo. Mwanafunzi huyu anaukagua ukali wa Okonkwo na kujiuliza umetoka wapi. Anarudi kwenye kitabu na kupata jibu: Okonkwo anaogopa kufanana na baba yake, Unoka, mpiga filimbi aliyependa pombe ya mnazi, akakopa kwa kila mtu, akafa bila cheo. Basi anaandika: "Ukali wa Okonkwo unatokana na woga wa kuonekana dhaifu kama baba yake." Sentensi inapendeza. Ina sababu na matokeo, na inaonyesha kwamba mwandishi amekwenda chini ya uso wa mambo.

Tatizo ni kwamba Achebe amekwishaisema mwenyewe. Katika sura ya pili msimulizi anatamka wazi kwamba maisha yote ya Okonkwo yalitawaliwa na woga wa kushindwa na wa udhaifu, na kwamba woga huo ulikuwa ndani yake mwenyewe. Anasimulia hata jinsi ulivyoanza: Okonkwo akiwa mtoto, mwenzake wa michezo alimwambia kwamba baba yake ni agbala, jina linalotumika kwa mwanamke na pia kwa mwanamume asiye na cheo chochote. Anayeandika insha ya kuthibitisha woga wa Okonkwo anathibitisha kitu ambacho kitabu kimemkabidhi katika kurasa za mwanzo. Hakuna msomaji wa kubishana naye, kwa sababu msimulizi ameshatoa hukumu.

Kwa hiyo kuna jaribio la kwanza la kuifanyia hoja yoyote kuhusu riwaya: kutafuta kama msimulizi au mhusika anayeaminika ameshaitamka. Akiwa ameitamka, jambo hilo huchukuliwa kuwa ushahidi, na hoja hutafutwa mbele yake. Woga wa Okonkwo usiachwe. Uwe mahali pa kusimamia. Swali sasa ni kwamba, tukishajua anaogopa, ni kitu gani ambacho kitabu kinakionyesha bila kukisema?

Hapa kazi hurudi kwenye kurasa, na hakuna njia ya mkato. Mwanafunzi anapitia riwaya akiwa na kalamu na kuandika kila mahali ukali wa Okonkwo unapotokea: anafanya nini, kwa nani, na nani anasema nini baadaye. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayozaa hoja. Mwenye kuandika vitendo peke yake atapata orodha ya makosa ya Okonkwo. Anayeandika pia majibu ya watu ataanza kuona mpangilio.

Sura ya nne. Ni Wiki ya Amani, siku zinazotangulia upandaji ambapo hakuna anayeruhusiwa hata kumtolea jirani neno kali. Mke mdogo wa Okonkwo, Ojiugo, amekwenda kusukwa nywele na hakurudi mapema kupika. Okonkwo anampiga, na hata anapokumbushwa kwamba ni wiki takatifu haachi. Nani anajibu? Ezeani, kuhani wa Ani, mungu wa kike wa ardhi. Anakuja nyumbani kwake, anakataa kula kola yake, anamwambia kwamba uovu wake unaweza kuwaangamiza watu wote, na anamtoza mbuzi jike, kuku, kipande cha nguo na kauri 100. Halafu panafuata maelezo ambayo msomaji wa haraka huyaruka. Mzee Ezeudu anawasimulia vijana kwamba zamani aliyevunja amani hiyo aliburutwa kijijini hadi afe, lakini desturi hiyo iliachwa kwa kuwa iliharibu amani ileile iliyokusudiwa kulindwa. Yaani Umuofia imewahi kuipunguza makali mila yake yenyewe, tena kwa kufikiri.

Sura ya saba. Ikemefuna, kijana aliyetolewa na Mbaino kama fidia na kukaa nyumbani kwa Okonkwo kwa miaka mitatu, ameamriwa auawe na mzimu wa Milima na Mapango. Ezeudu yuleyule, mzee kuliko wote katika mtaa ule, anakuja kumwambia Okonkwo kwamba kijana huyo anamwita baba, kwa hiyo asishiriki katika kifo chake. Okonkwo anakwenda, na kijana anapomkimbilia anamkata kwa panga. Msimulizi anataja sababu: aliogopa kuonekana dhaifu.

Sura ya nane. Rafiki yake mkubwa, Obierika, ambaye hakwenda msituni, anamwambia kwamba alichokifanya hakitaipendeza ardhi. Okonkwo anajibu kwamba ardhi haiwezi kumwadhibu kwa kumtii mjumbe wake. Katika mazungumzo hayohayo inaletwa habari ya mzee Ndulue aliyefariki, na mkewe Ozoemena aliyekufa nyuma yake bila kukawia. Obierika anakumbuka kwamba Ndulue na Ozoemena walikuwa na nia moja. Alikuwa hawezi kufanya jambo bila kumwambia mkewe. Okonkwo anashangaa. Alidhani Ndulue alikuwa mwanamume hodari ujanani. Anajibiwa kwamba alikuwa hodari kweli, na ndiye aliyeiongoza Umuofia vitani siku zile.

Mwanafunzi akiziweka sehemu hizi tatu pamoja anaona kitu kimoja kikijirudia. Kila mara Okonkwo anapozidisha ukali kwa kudhani kwamba ndivyo mwanamume wa Umuofia anavyopaswa kuwa, mtu mwenye heshima ndani ya Umuofia hiyohiyo anamkanya: kuhani, mzee, rafiki mwenye vyeo. Na yote haya yametokea katika sehemu ya kwanza ya kitabu, kabla mmisionari yeyote hajakanyaga kijijini. Hilo ndilo jibu la "mno". Okonkwo ni mkali mno kwa kipimo cha watu wake mwenyewe.

Rasimu ya kwanza ya hoja sasa inaweza kuandikwa: "Ingawa Okonkwo anajiona mlinzi wa mila za Umuofia, ukali wake hautokani na mila hizo, wazee wa Umuofia wanaupinga, na ndio unaomtenga na jamii yake kabla ya ukoloni kufika."

Hii ni hatua kubwa kutoka "Okonkwo alikuwa mkali". Ina neno "ingawa", na neno hilo lina kazi hapo: linamlazimisha mwandishi kukiri jinsi mambo yanavyoonekana kwanza kabla ya kusema yalivyo kwa maoni yake. Ina pia mpaka wa wakati, "kabla ya ukoloni kufika", unaomwonyesha msomaji ni sehemu gani ya kitabu itakayochunguzwa. Na inampinga mtu halisi, yaani yule anayeamini kwamba Okonkwo ni mfano wa mila za Kiigbo zilizoangushwa na Wazungu. Usomaji huo upo, na wengi wanauamini.

Wengi huishia hapa, na insha huwa ya wastani. Kinachoitenganisha hoja nzuri na ya wastani ni jaribio la pili, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu linamtaka mwandishi kuishambulia sentensi aliyoihangaikia. Anapaswa kukaa upande wa mpinzani na kutafuta kurasa ambazo mpinzani angezifungua.

Kurasa hizo zipo. Kwanza, amri ya kumuua Ikemefuna haikutoka kwa Okonkwo. Imetoka kwenye mzimu unaoheshimiwa na Umuofia yote, na wanaume wa kijiji waliitekeleza; panga la kwanza lilikuwa la mtu mwingine. Obierika mwenyewe haipingi amri, anapinga kushiriki kwa Okonkwo. Pili, ni Umuofia iliyompa Okonkwo vyeo, ikamtuma Mbaino kama mjumbe wa vita na kumweka miongoni mwa wale wanaovaa vinyago vya mababu wanapoamua kesi. Jamii isiyoutaka ukali wake isingemwinua hivyo. Tatu, lile neno agbala hakulitunga yeye. Alilipata kinywani mwa mtoto mwenzake, na mtoto alilipata kwa wakubwa. Dharau kwa mwanamume asiye na cheo ilikuwa ya kijiji kizima.

Mbele ya ushahidi huu, maneno "hautokani na mila hizo" hayasimami. Mwanafunzi ana njia tatu. Anaweza kunyamaza na kutarajia kwamba mhadhiri hatakumbuka, jambo ambalo halitokei. Anaweza kuiacha hoja na kuanza upya, na hiyo ni hasara, kwa sababu alichokiona kuhusu wazee bado ni kweli. Au anaweza kuibana hoja mpaka ibaki na kile tu ambacho kitabu kinakikubali. Hiyo ya tatu ndiyo kazi yenyewe, na mara nyingi hubadilisha neno moja au mawili tu.

Akiutazama tena ushahidi wa pande zote mbili, anaona kwamba haupingani kama ulivyoonekana. Umuofia inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Inafundisha kuheshimu nguvu na kudharau uzembe, na hapo Okonkwo ni mwanafunzi hodari. Inafundisha pia kwamba nguvu zina mipaka: kuna wiki ya kunyamaza, kuna mtoto ambaye mkono wako usimguse, kuna shujaa wa vita anayeshauriana na mkewe. Okonkwo ameshika fundisho la kwanza na kulikataa la pili, kwa sababu la pili linamkumbusha Unoka. Msimulizi alikwisha kusema kwamba alikichukia kila kitu ambacho baba yake alikipenda, na kimojawapo ni upole. Hapo woga wa sura ya pili, ambao haukufaa kuwa hoja, unapata kazi yake ndani ya hoja: ndio unaoeleza kwa nini fundisho moja liliingia na jingine likakataliwa.

Rasimu ya pili inakuwa hivi: "Umuofia ndiyo inayomfundisha Okonkwo kuheshimu nguvu, lakini inaziwekea nguvu hizo mipaka ambayo yeye, kwa kumwogopa baba yake ndani ya nafsi yake, anashindwa kuiona kuwa sehemu ya mila; kwa hiyo anazivunja mila kwa jina la mila, na kumpoteza mwanawe Nwoye kabla wamisionari hawajamwita."

Sehemu ya mwisho, ile ya Nwoye, imeongezwa ili hoja iwe na uzito. Hoja inayosema tu kwamba mhusika hakuelewa kitu fulani humwacha msomaji akiuliza, "halafu?" Inabidi pawe na kilichoharibika kutokana na kutoelewa huko. Na kwa Nwoye kimeharibika kweli. Usiku ule baba yake aliporudi kutoka msituni, kijana alijua bila kuambiwa kwamba Ikemefuna amekufa, na kitu ndani yake kikakatika. Katika sura ya 16, anaposikia wimbo wa wamisionari kuhusu ndugu walioketi gizani, ni maswali hayo ya zamani yanayopata kutulizwa.

Lakini hapa pia mpinzani ana ukurasa wa kufungua, na ndio ukurasa muhimu kuliko yote katika insha hii. Maswali ya Nwoye yalikuwa mawili. Moja lilikuwa la Ikemefuna. La pili lilikuwa la mapacha waliotupwa msituni, ambao aliwasikia wakilia akirudi kutoka shambani wakati wa mavuno, na siku ile pia kitu kilikatika ndani yake. Kuwatupa mapacha hakukuwa ukali wa Okonkwo. Ilikuwa sheria ya Umuofia, na hakuna mzee katika sehemu hizo aliyeikanya. Hata Obierika, mtu wa kufikiri kuliko wengine, katika sura ya 13 anawakumbuka mapacha wa mkewe mwenyewe aliowatupa, na anajiuliza walikuwa na kosa gani, bila kupata jibu.

Kwa hiyo Okonkwo hakumpoteza Nwoye peke yake. Alisaidiwa na kijiji. Insha ikisema kwamba Okonkwo ndiye sababu, inasema zaidi ya kitabu. Hoja inabanwa tena, na sasa inasomeka: "Umuofia ndiyo inayomfundisha Okonkwo kuheshimu nguvu, lakini inaziwekea nguvu hizo mipaka ambayo yeye, kwa kuogopa kufanana na baba yake, anashindwa kuiona kuwa sehemu ya mila. Kumuua Ikemefuna kunaonyesha gharama ya upofu huo: Nwoye, ambaye sheria ya mapacha ilikwisha kumtia shaka kuhusu kijiji, sasa anakosa pia sababu ya kubaki kwa ajili ya baba."

Ni sentensi mbili, si moja, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Sharti la sentensi moja husaidia wakati wa kufikiri, lakini kulishikilia wakati wa kuandika huzaa sentensi iliyobeba mzigo wa aya nzima. La kuangalia ni kama msomaji anaweza kuuliza, "Unajuaje?" baada ya kila kipande. Unajuaje kwamba kuna mipaka? Ezeani, Ezeudu, Ndulue. Unajuaje kwamba Okonkwo haioni? Jibu lake kwa Obierika na mshangao wake kuhusu Ndulue. Unajuaje kuhusu Nwoye? Sura ya 7 na ya 16. Kipande kisichokuwa na ukurasa wake huondolewa.

Jambo jingine linaloharibu insha za namna hii ni tamaa ya kuingiza kila tukio. Mwanafunzi aliyeorodhesha ukali wote wa Okonkwo ana vitu vingi mkononi, na kimojawapo ni bunduki. Katika sura ya tano Okonkwo anamfyatulia mkewe Ekwefi risasi na kumkosa. Katika sura ya 13, kwenye mazishi ya Ezeudu, bunduki yake inalipuka na kumuua mtoto wa marehemu mwenye miaka 16, na hapo ndipo anapofukuzwa kwa miaka saba. Kishawishi ni kikubwa: bunduki mbili, na ya pili inamng'oa kijijini. Inaonekana kama kilele cha hoja.

Haifai. Tukio la sura ya 13 ni ajali, na Umuofia yenyewe inalihukumu kuwa ajali; lingekuwa la kukusudia adhabu ingekuwa nyingine. Okonkwo hakukataa mpaka wowote siku ile. Alikuwa katika mazishi ya mzee aliyemheshimu, akifanya kile ambacho wanaume wengine walikifanya. Anayelilazimisha tukio hili kuingia anaharibu ushahidi wake mzuri, kwa sababu msomaji akishagundua kwamba tukio moja limepindwa ataanza kuyashuku na mengine. Tena ajali hiyo ina swali lake la kuvutia: mbona ni ajali, wala si makosa yake ya makusudi, inayomwondoa? Hilo ni swali la insha nyingine, pengine bora kuliko hii. Katika insha hii lipewe sentensi moja ya kukiri kwamba uhamisho haukusababishwa na ukali, au liachwe kabisa.

Kuhusu urefu, insha ya maneno 1,500 hivi ina nafasi ya kuchambua kwa kina sehemu tatu au nne za kitabu, haizidi hapo. Kwa hoja iliyopatikana, aya za kati zinajipanga zenyewe. Ya kwanza inaonyesha kwamba Umuofia inaheshimu nguvu kweli, na hapo ndipo vyeo vya Okonkwo na dharau kwa Unoka vinapoingia. Ni aya inayompa mpinzani haki yake mapema. Ya pili inachukua Wiki ya Amani pamoja na kile kisa cha adhabu iliyoachwa, kuonyesha kwamba mipaka ni ya mila yenyewe. Ya tatu inasoma kwa makini mazungumzo na Obierika, kwa sababu hapo ndipo Okonkwo anapotamka kwa kinywa chake kwamba amri ya mzimu inatosha, na hapo ndipo mwandishi anapolazimika kueleza kwa nini Ezeudu na Obierika, wanaoiheshimu amri hiyohiyo, wanafikiri tofauti. Ya nne ni ya Nwoye, na mapacha wanatajwa humo waziwazi.

Mpangilio huu haufuati sura za kitabu moja kwa moja, na hiyo ni dalili nzuri ya kuangalia. Insha ambayo aya zake zinaanza na "Katika sura ya kwanza", kisha "Halafu", kisha "Baadaye", kwa kawaida haina hoja, inasimulia. Mwanafunzi anaweza kulipima hilo kwa kusoma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kuanzia juu hadi chini. Zikisomeka kama muhtasari wa hadithi, hoja kuu imeandikwa kwenye utangulizi lakini haijaingia kazini. Zikisomeka kama majibizano, kila moja ikijibu pingamizi lililoachwa na iliyotangulia, insha imeshika.

Namna hiyohiyo inaweza kurudishwa kwa Rosa Mistika na ile sentensi ya malezi mabaya. Riwaya ya Kezilahabi inamaliza kwa kumweka Zakaria na Rosa mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Maana yake mwandishi ameshaliuliza swali la nani mwenye kosa na kuwapa wote wawili nafasi ya kusema. Anayeandika kwamba kosa ni la baba anarudia maneno ya Rosa. Anayeandika kwamba kosa ni la binti anarudia ya Zakaria. Hoja iko mbele ya hapo, na mahali pa kuanza kuitafuta ni kurasa zilizotangulia kesi: nani mwingine, zaidi ya hao wawili, alikuwa na mamlaka juu ya Rosa shuleni na chuoni, na kwa nini hakuitwa kutoa ushahidi?